Rafiki kafiwa na mtoto, nimwandikie nini? Maneno 58 yapunguzwe yabaki 16

"Shikamoo dada. Rafiki yangu wa tangu chuo, Mama Elia, amefiwa na huyo huyo Elia Jumanne usiku, miaka minne, ndo mtoto wao pekee, kaugua homa siku mbili tu. Wako Mpwapwa, mi nipo Nkuhungu na nina kichanga cha wiki tatu siwezi kusafiri. Tangu jana naandika meseji nafuta. Mwisho nimeandika hii, niangalizie kabla sijatuma: 'Rafiki yangu kipenzi, nimepokea kwa mshtuko taarifa za kuondokewa na malaika wetu. Najua hakuna maneno ya kukufariji ila jua kwamba Mungu amempenda zaidi na kazi yake haina makosa. Kama mama mwenzio nauelewa uchungu wako. Kwani alikuwa anaumwa nini jamani? Jikaze uwe na nguvu kwa ajili ya mume wako, bado wadogo nyie, Mungu atawapa mwingine. Ukihitaji chochote usisite kuniambia.' Naogopa ikiwa fupi sana ataona sijali."

Marahaba mdogo wangu. Pole na wewe, maana najua hata kwako Elia alikuwa mtoto wa nyumbani, na hongera ya uzazi ntakupa siku nyingine, leo siyo siku yake.

Hiyo meseji usiitume. Siyo kwamba umeandika vibaya kuliko wengine, hapana, hivyo ndivyo wanavyoandika karibu watu wote. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha na wazazi waliofiwa hapa Dodoma miaka mingi na huwa wananionesha simu zao, unakuta meseji sabini zimefanana utadhani zimetoka kwa mtu mmoja, na mzazi anakwambia hizi zote sikuzisoma, nilisoma hii moja tu, anakuonesha ya maneno kumi. Tatizo halipo kwenye moyo wako, lipo ndani ya sentensi zenyewe, na nyingine zina mwiba ambao wewe mwandishi huuoni mpaka uwe umekaa upande wa kuzipokea. Kwa hiyo twende nayo kidogo kidogo, halafu tutakata.

Mwanzo wake, "nimepokea kwa mshtuko taarifa za kuondokewa na malaika wetu", ni lugha ya tangazo la msiba. Hivyo ndo katibu wa kamati anavyoandika kwenye grupu la ukoo. Wewe ulilala chumba kimoja na huyu mtu chuo, hujawahi kumwambia "nimepokea taarifa" maishani mwako, akiisoma hatakusikia wewe. Na "malaika wetu" ni nani? Mtoto ana jina, anaitwa Elia. Siku hizi za kwanza kila mtu anamkwepa, ataitwa malaika, marehemu, mwili, "mwili unatoka saa ngapi", na mama yake anasikia jinsi jina la mwanae linavyopotea midomoni mwa watu wakati yeye kichwani analiita muda wote. Watu wanadhani ukilitaja utamkumbusha. Hajasahau mdogo wangu, hakuna cha kukumbusha pale.

Halafu unasema "najua hakuna maneno", sawa kabisa, halafu unaendelea na maneno mengine kama arobaini. Hapo nimecheka kidogo, unisamehe, maana sote tunafanya hivyo.

Sasa tuje kwenye "Mungu amempenda zaidi na kazi yake haina makosa", nataka tukae hapa kwa sababu ndo panapoumiza kuliko pote, na mi mwenyewe nilishaumiza mtu hapa. Miaka ya mwanzo kwenye kazi hii nilikaa na mama mmoja kule Kikuyu, mtoto wake alikuwa na miezi kumi na moja. Alikuwa na kile kikanga cha kumfunikia mtoto mapajani anakikunja, anakikunjua, anakikunja tena, kona kwa kona kabisa kama anakipeleka dukani, na mi ukimya ule ukanishinda nikamwambia mama, Mungu ana makusudi yake. Akaacha kukunja. Akaniangalia akaniuliza, makusudi gani? Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, kwamba kama unayajua niambie. Sikuwa na jibu. Siku ile hakuongea tena mpaka naondoka.

Ndipo nilipoelewa maelezo yanafanya nini. Ukimwambia mtu pole, humdai kitu, anaipokea au anaiacha hapo ilipo. Lakini ukimpa sababu ya kifo umemwekea hoja mezani na hoja lazima ijibiwe, ama aikubali, aseme amina wakati ndani anawaka, ama aikatae, aonekane amemkufuru Mungu mbele ya watu mwanae hata hajazikwa. Yote mawili ni kazi, na huyu mtu hajalala siku mbili. Halafu isome vizuri "amempenda zaidi". Zaidi ya nani? Zaidi ya mama yake. Hukukusudia hivyo, najua, lakini hilo neno zaidi ni la kulinganisha, na anayelinganishwa ni yeye aliyekesha anamkanda Elia kwa kitambaa cha maji usiku kucha. Kuna baba mmoja aliniambia, kwa hiyo ningempenda kidogo zaidi ningebaki naye? Hayo ndo yanayozunguka kichwani kwa mtu uliyedhani umemfariji.

Sisemi umwondoe Mungu kwenye meseji, usije ukanielewa vibaya, watu wetu wanaishi kwa imani na mimi ni mmojawapo. Tofautisha dua na maelezo tu. "Mungu akushike" ni dua, unamwombea. "Mungu amempenda zaidi" ni maelezo, unajifanya unajua alichowaza Mungu Jumanne usiku. Dua ipite kama mnasali pamoja na anaipenda, maelezo yabaki nje. Na kwa Waislamu vile vile, innalillahi siyo maelezo, haisemi kwa nini, inasema tu sisi ni wa nani na tunarejea wapi, ndo maana watu wanaitamka wakiwa wanalia na haimsuti mtu.

Haya, "kama mama mwenzio nauelewa uchungu wako". Huuelewi, na nakuombea usije ukauelewa. Wewe wa kwako unamnyonyesha sasa hivi. Hata ule msemo wetu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi usiutumie hapa, ukitoka kwako utasikika tofauti.

"Alikuwa anaumwa nini" hilo swali najua linakuwasha, ni la kibinadamu, mtoto wa miaka minne siku mbili tu, lazima ujiulize. Lakini kila mzazi aliyefiwa na mtoto kwa ugonjwa wa haraka ana mahakama kichwani, na mshitakiwa ni yeye. Ningempeleka Jumatatu asubuhi badala ya jioni. Ningekataa ile dawa. Ningemwamini mama mkwe alivyosema hii homa siyo ya kawaida. Akili inarudisha mkanda nyuma inatafuta pale ambapo pangebadilishwa, inarudi tena, usiku kucha, na kila anayeuliza aliumwa nini, mlimpeleka wapi, mlichelewa?, anaufungua ukurasa ule ule wa mashitaka. Kwenye msiba swali hilo anaulizwa mara mia. Wewe usiwe wa mia na moja.

"Jikaze kwa ajili ya mume wako" umempa kibarua. "Mungu atawapa mwingine", mdogo wangu, hakupoteza kiatu. Anamtaka huyu. Na kama wana shida ya kupata mwingine ambayo hawajawahi kukwambia, hapo umeingiza kidole kwenye donda usilolijua. "Ukihitaji chochote usisite" inasikika vizuri ila inamtuma kazi, eti akae afikirie anahitaji nini, achague mtu wa kumwomba, apige simu. Hakuna anayepiga. Wewe umewahi kupiga?

Najua utaniuliza, sasa kwanini wote tunaandika haya haya? Mwaka 1986 watafiti watatu, Lehman, Ellard na Wortman, walichapisha utafiti juu ya watu waliofiwa na mwenza au mtoto kwa ajali za gari. Waliwauliza ni maneno gani ya watu yaliwasaidia na yapi hayakusaidia. Yasiyosaidia yakawa ni ushauri na kule kuhimizwa wapone haraka, yaliyosaidia yakawa ni kukutana na mtu aliyepitia kama yao na kuachwa waseme wanavyojisikia. Mpaka hapo hamna ajabu. Ajabu ni kwamba waliwauliza pia watu wengine wasiofiwa, je wewe ungemwambia nini mfiwa, na hao wakajibu vizuri tu, walijua. Kwa maoni ya watafiti shida siyo kwamba watu hawajui, shida ni ule wasiwasi wa kuwa mbele ya mtu mwenye uchungu mkubwa, ndo unaotuharibu midomo. Yani yale maelezo tunayatoa ili sisi tupumue. Mi kule Kikuyu nilisema makusudi ya Mungu kwa sababu mimi ndo sikuweza kuvumilia kikanga kile. Kwa hiyo ukitaka kuijua sentensi ya kukata, jiulize ikishatumwa nani atapata nafuu, na ukiona inajibu swali la "kwanini", au ina "angalau", "bora", "ila", ujue ni ya kwako siyo ya kwake.

Bahati nzuri tuna neno tayari. Pole. Mtu akijikwaa njiani unamwambia pole, akitoka kuchota maji umbali mrefu pole, akifiwa pole, na halisemi nani kakosea wala kwanini imetokea wala lini itaisha, linasema nimeona umeumia. Tumelitumia mpaka tunaliona dogo ndo tukaanza kulibandika mapambo, pole sana kwa msiba mzito uliokufika wewe na familia kwa ujumla. Liache peke yake ulione uzito wake.

Meseji yako mimi ningeiandika hivi:

"Mama Elia, pole. Pole sana.
Nimelia tangu jana. Elia wetu jamani.
Nipo na wewe.
Usihangaike kujibu."

Basi. Ulikuwa na maneno 58, hapo yapo 16. Angalia sasa kila kitu kinafanya nini. Simu ya mfiwa inalia siku nzima na mara nyingi hata haifungui, anaangalia kioo tu pale meseji inapojitokeza juu, kwa hiyo yale maneno matatu ya mwanzo ndo atakayoyasoma hata kama mengine hatayafikia milele, na hapo yanatosha. "Nimelia tangu jana" inamwambia huko Nkuhungu kuna mtu anamlilia mwanae, lakini iishie hapo, usiongeze kwamba hujala, hujalala, presha imepanda, maziwa yamekata, maana itabidi aache msiba wake akubembeleze wewe. Jina la mtoto limo. "Nipo na wewe" haiombi kitu. Na "usihangaike kujibu" ndo zawadi kubwa kuliko zote, kwa sababu anajua kuna meseji mia na kitu zinamsubiri na kila moja ni deni.

Hapo kwenye "Mama Elia" nisikilize vizuri, watu wengi wanapotelea hapo. Rafiki yako jina lake la mtaani ni la huyo mtoto aliyekufa. Kuanzia jana kuna watu wameshaanza kumwita kwa jina lake la utotoni, wengine "mama" tu, wengine "dada", kwa huruma kabisa, wanaogopa kulitaja. Kwake inamaanisha amepoteza mtoto na kwenye wiki hiyo hiyo amevuliwa na umama. Endelea kumwita Mama Elia kama ulivyomwita wiki iliyopita. Wapo wachache ambao baadaye wanasema jina hilo siliwezi, niiteni vingine, akikwambia hivyo utii, lakini aseme yeye, usimchagulie. Nina mama mmoja Chamwino aliyezaa wengine watatu baada ya yule wa kwanza kufariki na mpaka leo ukimwita kwa jina la hao wengine anaitika ila anakusahihisha.

Kitu kingine kabla hujabonyeza kutuma, fungua watsapu uangalie picha yako ya wasifu. Naotea ni kichanga. Kama ni yeye, badilisha kwa sasa, weka ua, weka wewe mwenyewe, chochote, kwa sababu meseji yako itaingia na hako kapicha pembeni yake. Na stetasi za mtoto mfichie yeye kwa muda, kuna sehemu ya kuchagua nani asione. Siyo kwamba unamficha mtoto wako kama kosa, wala usimwandikie "samahani mi nimejifungua wakati wewe...", hiyo usithubutu. Ni kupunguza mwanga tu kwa mtu anayeumwa macho. Siku akikuuliza mwenyewe mtoto anaendeleaje, na atauliza, mjibu kwa ufupi na ukweli, "anaendelea vizuri, asante", umwache yeye aamue anataka kusikia zaidi au la. Na picha ya Elia usiiweke stetasi na vile vimishumaa bila wazazi wake kuridhia, nimeona ndugu wakigombana kwa hilo msibani.

Pesa ya rambirambi itume peke yake, kwa mume wake au mwenye daftari, siyo ndani ya maneno haya. Ukiichanganya meseji inageuka risiti.

Ile hofu yako kwamba atakuona hujali, ina msingi kidogo, sikatai. Huku kwetu msibani watu wanaongea, wanahubiri, na mtu akileta maneno mawili anaonekana kapita tu. Lakini hata hao marafiki wa Ayubu, kitu walichofanya sawa ni kile cha mwanzo, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, na mambo yaliharibika walipofungua midomo kumweleza kwanini yamempata. Kujali kwako hakutapimwa kwa urefu wa meseji ya leo. Kutapimwa baada ya turubai kushushwa. Leo nyumba imejaa, kuna wa kupika, kuna wa kulala naye, siku watu wakishatawanyika simu inanyamaza ghafla, mume karudi kazini, na yeye yuko ndani na kile kikombe cha plastiki cha Elia kwenye ndoo ya maji. Hapo ndo utume ya pili, "Mama Elia, nakuwaza leo. Usijibu." Halafu baada ya wiki mbili nyingine. Andika kwenye kalenda ya simu siku ya kuzaliwa ya Elia kama unaijua, na Januari ambayo angeanza shule, maana wenzie watapita hapo nje na sare mpya. Siku hizo mwandikie, "Leo nimemkumbuka Elia." Utakuwa mmoja kati ya watu wawili watatu tu, na kama una picha yake ambayo yeye hana, au kavoisi anakoimba, mwambie kwamba unayo na akitaka wakati wowote utamtumia, usiirushe bila kumuuliza. Ukishaweza kusafiri, kaa kwenye gari za Mpwapwa uende, ukae naye siku nzima, msaidie kuosha vyombo.

Na badala ya "ukihitaji chochote", toa kitu chenye jina, kinachojibiwa kwa ndiyo au hapana. Kuna watu wenu wa chuo hawajapata taarifa? "Nitawaambia wenzetu wa chuo mimi ili wasikupigie, sawa?" Hiyo ni kazi umemtua kweli.

Anaweza akakujibu, na hapo ndo watu wanarudi kule kule kwenye kueleza. Akikuandikia "kwanini mwanangu?", jibu ni "Sijui. Sijui kabisa Mama Elia." Tuma hivyo hivyo. Itakuuma kidole kukibonyeza ila ndo kweli yenyewe na yeye anaijua. Akikuandikia "ningemuwahisha", usikimbilie "usijilaumu", maana hilo nalo ni amri na linamfunga mdomo, mjibu "nakusikiliza, niambie", umwache aandike mpaka amalize, hata kama atarudia kitu hicho hicho mara nne usiku mmoja. Ila kuna maelezo ya aina moja ambayo yana kazi, nayo ni ya daktari. Wapo wazazi ambao baada ya wiki kadhaa wanataka kujua kwa uhakika ni ugonjwa gani na je kuwahi kungebadilisha kitu. Hao warudi kwa aliyemtibu mtoto wakae naye chini wamuulize, wawili, baba na mama. Jibu la kweli hata kama ni gumu mara nyingi linapunguza ile mahakama ya usiku. Lakini hilo ataliomba mwenyewe kwa muda wake, na halitoki kwako wala kwangu, sisi hatukuwepo wodini.

Kulia kila siku, kutokula vizuri siku za mwanzo, kunusa nguo za mtoto, hata kudhani amesikia anaitwa mama, hayo yasikutishe, ni msiba wenyewe. Kitakachokufanya uache kuandika upige simu ni akisema anataka kumfuata Elia. Wengi wanasema hivyo kwa uchungu bila nia, ila wewe huwezi kujua kwa meseji, kwa hiyo muulize kwa mdomo wazi wazi, "Mama Elia, unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, hilo tumelithibitisha kwenye kazi yetu mara nyingi, kunampa tu ruhusa ya kusema. Akisema ndiyo, au akikwepa, piga hapo hapo kwa mume au aliye karibu naye asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani zitolewe ndani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hospitali ya wilaya ipo hapo hapo Mpwapwa na wanaweza kumwelekeza Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili ya huku Dodoma mjini. Najua Dodoma ukisema Mirembe watu wanacheka, mwambie mume asijali kucheka kwa watu.

Na kama hakuna hatari hiyo ila miezi sita imepita na bado kila siku ni kama Jumanne ile, hawezi kupika, hawezi kutoka nje, hawezi kukaa na mtu, hapo aonane na mtu wa kazi hii ana kwa ana, afisa ustawi wa jamii pale hospitali au mshauri nasaha. Miezi sita ndo kipimo cha chini wanachotumia Shirika la Afya Duniani kabla ya kuliita tatizo, kwa hiyo mtu akianza kukwambia mwezi wa pili kwamba mwenzio "amezidi", mwambie bado.

Sasa hivi ni saa kumi jioni, wakizika kesho atakuwa amekaa kwenye jamvi na simu iko kwa wifi yake. Tuma hiyo ya maneno 16 sasa, halafu weka simu pembeni. Usikae unaangalia kama tiki zimekuwa za bluu.